Kloraidi ya ziada: kiasi gani huitua fedha, na kiasi gani huiyeyusha tena

*"Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili, nasoma kemia. Kwenye kazi ya kemia ya uchanganuzi tumepewa 50.0 mL za AgNO₃ ya 0.0200 M. Tunatakiwa tuitoe fedha yote kama AgCl kwa kuongeza NaCl ya 0.100 M, tueleze kwa nini NaCl inaongezwa kupita kiasi na ni kiasi gani kinafaa. Niliandika kwamba ioni shiriki inapunguza Ksp, kwa hiyo ukizidisha NaCl ndivyo fedha inavyokwisha kwenye maji. Lakini nikikokotoa kwa s² = Ksp napata 1.34×10⁻⁵ M ileile, iwe kuna NaCl au hakuna. Mwenzangu anasema NaCl ikizidi sana mashapo yanayeyuka tena. Nani yuko sahihi? Na mbona mwongozo unasema tuoshe mashapo kwa asidi ya nitriki badala ya maji, wakati nitrati si ioni shiriki?"*

Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, na wewe pia uko sahihi kwamba kloraidi ya ziada huifukuza fedha kwenye maji. Ulipokosea ni kwenye sababu. Ioni shiriki haipunguzi Ksp. Inachopunguza ni uyeyukaji wa chumvi, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Ukishavitenganisha, utaona pia kwa nini hesabu yako inagoma kubadilika.

Tuanze na mashapo yenyewe yakiwa chini ya bika. Ukiyatazama yametulia, lakini juu ya uso wa kila chembe ioni za fedha na za kloraidi zinaondoka kwenda majini muda wote, na nyingine zinarudi kujipachika. Kasi ya kuondoka inategemea joto na ukubwa wa uso wa chembe. Kasi ya kurudi inategemea uso huohuo, na pia ni mara ngapi ioni za fedha na za kloraidi zinakutana hapo, yaani ukolezi wa moja ukizidishwa kwa ukolezi wa nyingine. Kasi hizi mbili zikilingana, uso unajifuta pande zote mbili na kinachobaki ni hiki:

[Ag⁺][Cl⁻] = Ksp = 1.8×10⁻¹⁰ (kwa 25 °C)

Wingi wa mashapo haumo kwenye mlinganyo huu. Gramu moja au kumi, zao ni lilelile. Angalia pia kwamba haulizwi kloraidi imetoka wapi. Iliyotoka kwenye AgCl na iliyotoka kwenye chumvi ya mezani zinahesabiwa pamoja. Hilo ndilo wazo ambalo Walther Nernst aliliweka wazi mwaka 1889, na athari yote ya ioni shiriki imo ndani yake. Ukiongeza NaCl, kasi ya ioni kurudi kwenye mashapo inapanda ghafla lakini kasi ya kuondoka inabaki ilivyokuwa. Kwa hiyo fedha inatua, na inaendelea kutua hadi zao lirudi 1.8×10⁻¹⁰. Ni kama kiwanja chenye eneo lisilobadilika: ukirefusha upande mmoja, mwingine sharti ufupike. Eneo halikupungua, na Ksp vilevile haikupungua.

Kitu kinachobadilisha Ksp ni joto. Kwa AgCl joto linaiongeza sana: karibu na kiwango cha kuchemka, maji yanayeyusha AgCl takriban mara kumi ya yale ya 25 °C. Shika jambo hili, maana litarudi tukifika kwenye kuchuja.

Sasa hesabu yako. Fomula s² = Ksp inasimama juu ya dhana moja ambayo hukuiandika, kwamba [Ag⁺] na [Cl⁻] ni sawa. Zinakuwa sawa pale tu ambapo ioni zote zimetoka kwenye AgCl. Ukishatia NaCl usawa huo umevunjika, na fomula imekufa hapohapo. Rudi kwenye Ksp yenyewe. Tuseme kloraidi kwenye myeyusho ni 0.0100 M kutokana na NaCl, na AgCl inayeyuka kwa kiasi s. Fedha itakuwa s, kloraidi itakuwa 0.0100 + s:

s(0.0100 + s) = 1.8×10⁻¹⁰

Hiyo s ya kwenye mabano ni ndogo mno mbele ya 0.0100, kwa hiyo iache. Unapata s = 1.8×10⁻⁸ M. Linganisha na 1.34×10⁻⁵ M ya maji matupu: fedha iliyobaki imepungua zaidi ya mara mia saba. Baada ya kuiacha s, kagua kama ulikuwa na haki ya kuiacha. Hapa ni wazi, 1.8×10⁻⁸ haisogezi 0.0100 hata kidogo. Kwa chumvi zinazoyeyuka kiasi kikubwa, kama PbCl₂, njia hii ya mkato inaweza kukudanganya, na utalazimika kutatua mlinganyo kamili.

Tuingie kwenye swali lako. Katika 50.0 mL za 0.0200 M mna milimoli 1.00 ya fedha. Ikitua yote utapima miligramu 143.3 za AgCl. NaCl ya 0.100 M inayotosha kabisa ni 10.0 mL, na ujazo wote unakuwa 60.0 mL. Hapo wengi husahau kwamba ukolezi unahesabiwa kwa ujazo baada ya kuchanganya. Ukitumia namba zilizoandikwa kwenye chupa utakosa hata kama kanuni unaijua.

Tuseme umeishia hapo kwenye 10.0 mL, bila tone la ziada. Fedha na kloraidi zimelingana, kwa hiyo hapa s² = Ksp ni halali na fedha iliyobaki ni 1.34×10⁻⁵ M. Zidisha kwa lita 0.0600, unapata mikromoli 0.80 za fedha ambazo hazikutua. Ukizigeuza kuwa AgCl ni kama miligramu 0.12. Ni sehemu ndogo, asilimia 0.08 ya jumla, lakini mizani ya maabara inayosoma hadi miligramu 0.1 inaiona. Hii ndiyo sababu halisi ya kuongeza NaCl ya ziada, nayo uiandike kwenye kazi yako kwa namba: hasara ya kuishia kwenye kiasi kamili inazidi kidogo kile mizani inachoweza kusoma.

Sasa ongeza 1.5 mL zaidi. Ujazo ni 61.5 mL, na kloraidi ya ziada ni milimoli 0.15, sawa na 2.4×10⁻³ M. Kwa Ksp peke yake fedha huru inashuka hadi 7.4×10⁻⁸ M. Ungeandika hivyo ukaendelea, na kwa mitihani mingi ungepewa alama zote. Lakini hapa ndipo mwenzako anapoanza kuwa na haki.

Ioni ya fedha inapenda kloraidi kuliko Ksp inavyoonyesha. Haishikani nayo kwenye mashapo tu, inashikana nayo hata majini. Kuna molekuli ya AgCl iliyoyeyuka kama ilivyo, bila kugawanyika. Na kuna ioni changamano AgCl₂⁻, ambamo fedha moja imebanwa na kloraidi mbili. Hizi zote ni fedha iliyobaki kwenye maji, ingawa hazimo kwenye [Ag⁺]. Kwa hiyo fedha yote iliyobaki ni jumla ya sehemu tatu, na kila moja inaipokea kloraidi kwa namna yake.

Fedha huru ni 1.8×10⁻¹⁰ ÷ [Cl⁻]. Hii inapungua kadiri unavyoongeza kloraidi, na ndiyo athari ya ioni shiriki uliyofundishwa. AgCl iliyoyeyuka bila kugawanyika ni takriban 3.6×10⁻⁷ M, na haibadiliki maadamu mashapo yapo, kwa sababu kuundwa kwake kutoka kwenye mashapo hakuhitaji kloraidi ya nje. Nayo AgCl₂⁻ ni takriban 3.2×10⁻⁵ × [Cl⁻]. Hiyo inaongezeka kila unapoongeza kloraidi, kwa kuwa AgCl moja ya mashapo inahitaji kloraidi moja ya ziada ili iondoke.

Kwa hiyo una sehemu moja inayoshuka, moja iliyosimama, na moja inayopanda. Lazima kuwe na mahali ambapo jumla ni ndogo kuliko kwingine kote. Mahali hapo ni pale inayoshuka na inayopanda zinapolingana:

1.8×10⁻¹⁰ ÷ [Cl⁻] = 3.2×10⁻⁵ × [Cl⁻]

Ukitatua unapata [Cl⁻] = 2.4×10⁻³ M. Ndiyo, ni ile 1.5 mL ya ziada niliyoichagua, na sikuichagua kwa bahati. Hapo fedha yote iliyobaki ni takriban 5.1×10⁻⁷ M, ambayo katika 61.5 mL ni mikromoli 0.03, yaani AgCl ya miligramu 0.0045. Mizani haiwezi kuiona. Zingatia kwamba sehemu kubwa ya kilichobaki si ioni huru. Ni ile AgCl isiyogawanyika, ambayo hakuna ioni shiriki inayoweza kuipunguza. Ukiongeza kloraidi zaidi ya hapo, hakuna tena cha kupata.

Ukizidi kuongeza, unaanza kupoteza. Kwa kloraidi ya 0.1 M, Ksp peke yake inakuahidi fedha ya 1.8×10⁻⁹ M, lakini jumla halisi ni karibu 3.6×10⁻⁶ M, yaani karibu mara elfu mbili zaidi. Ukikaribia 0.4 M, AgCl inayeyuka sawasawa na inavyoyeyuka kwenye maji matupu, ioni shiriki yote hiyo imekwenda bure. Kwenye 1 M hesabu inatoa takriban 3.2×10⁻⁵ M, na kiasi halisi kinapita hapo kwa sababu ioni zenye kloraidi tatu nazo zinaanza kutokea. Ukimimina asidi ya hidrokloriki iliyokolea juu ya mashapo machache ya AgCl, utayaona yakipungua mbele ya macho yako.

Usizichukue namba hizi kana kwamba zina tarakimu tatu za uhakika. Vitabu vinatofautiana kidogo kwenye thamani za ioni changamano, na myeyusho wenye chumvi nyingi unazifanya ioni zitende kana kwamba ni chache kuliko zilivyo, jambo linaloongeza uyeyukaji kidogo. Tumia jedwali la kozi yako. Mahali pa kiwango cha chini panaweza kusogea kidogo, lakini kwamba pako karibu na sehemu chache za elfu za M, na si karibu na 1 M, hilo halisogei. Kwa hiyo jibu la "kiasi gani kinafaa" ni 1 hadi 1.5 mL juu ya ile 10.0. Kwa 1.0 mL ya ziada nimepata 5.2×10⁻⁷ M, ambayo kwa mizani yako ni kitu kilekile. Kiwango cha chini ni bonde pana, huhitaji kukipiga katikati.

Sasa twende kwenye swali lako la kuosha.

Fikiria tone la kwanza kabisa la NaCl, tuseme 0.05 mL. Likisambaa kwenye 50 mL linatoa kloraidi ya 1×10⁻⁴ M, na ukizidisha kwa fedha ya 0.0200 M unapata 2×10⁻⁶. Hiyo ni zaidi ya Ksp mara elfu kumi na moja. Myeyusho uliopitiliza kiasi hicho haukuzi fuwele kubwa taratibu. Unazaa chembe ndogondogo nyingi mno kwa mpigo mmoja, ndiyo maana unaona maji yanageuka kama maziwa. Hiyo ni koloidi, na ingepita kwenye kichujio chako bila kuzuiwa. Ndiyo maana unaambiwa uongeze tone kwa tone huku ukikoroga, myeyusho ukiwa umetiwa asidi ya nitriki kidogo, kisha uupashe moto karibu na kuchemka hadi chembe zishikane na kuwa mabonge kama maziwa yaliyoganda, na maji ya juu yawe maangavu. Kisha unaacha upoe gizani kabla ya kuchuja. Kwa nini upoe? Kwa sababu ya lile la joto: ukichuja ukiwa moto unachuja chini ya Ksp kubwa, na fedha inapita na maji.

Mabonge hayo hayajaungana kuwa fuwele moja. Yameshikana tu. Kila chembe imejivika kloraidi za ziada usoni, kwa hiyo zote zina chaji hasi na kwa asili yake zingesukumana. Kinachozishikisha ni chumvi na asidi iliyopo majini, ambayo inabana chaji hizo ili zisisikike mbali. Sasa ukiosha kwa maji matupu, unaondoa chumvi hiyo. Chaji zinasikika tena, chembe zinasukumana, na mabonge yanavunjika kuwa koloidi na kupita kwenye kichujio. Utalijua hilo mara moja: maji ya kwanza yanapita maangavu, kisha maji ya kuoshea yanaanza kutoka na ukungu. Hasara hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko ile ya Ksp tuliyokuwa tukiihesabu kwa mikromoli.

Kwa hiyo uliona vizuri: nitrati si ioni shiriki, na asidi ya nitriki haipo pale kwa ajili ya Ksp. Ipo kuyashikilia mabonge. Takriban 0.01 M inatosha. Imechaguliwa kwa sababu ukikausha kwenye 110 °C inaruka yote na kuacha AgCl peke yake. Myeyusho mwepesi wa NaCl ungeyashikilia mabonge na kukupa ioni shiriki pia, lakini ungebaki umekauka juu ya mashapo, na mizani ingekusomea chumvi ya mezani kana kwamba ni fedha. Osha kwa vipimo vidogo vidogo, mara kadhaa, badala ya kumwaga kingi kwa mkupuo. Kila mililita inayopita inachukua AgCl yake.

Kwa kuandika kazi, ningekushauri ufute sentensi ya "inapunguza Ksp" na uweke hesabu tatu: hasara bila ziada, hasara kwa 1.5 mL ya ziada, na hasara kwenye kloraidi ya 1 M. Msomaji ataona mkunjo unashuka kisha unapanda bila wewe kulazimika kubishana. Kama mhadhiri wenu bado hajafundisha ioni changamano, muulize kama anataka ziingizwe, maana wengine huweka swali hili makusudi likomee kwenye Ksp. Hata hivyo usiandike kwamba kuzidisha NaCl hakuna madhara. Hilo si kweli kwa kiwango chochote cha kozi.

Kama utaifanya kwa vitendo, kagua kwanza kabla ya kuchuja: mashapo yakishatua, angusha tone moja la NaCl kwenye maji maangavu ya juu. Pakitokea ukungu, fedha bado ipo. Yalinde na mwanga pia. AgCl ikigeuka zambarau ujue imeanza kuachana na klorini yake, na katika jaribio hili uzito utasomeka pungufu.

Maji ya kuoshea yakitoka na ukungu, usiendelee kuosha ukidhani yatasafika. Simama, mwite fundi sanifu wa maabara aone kichujio na asidi uliyotumia. Na kuna jambo moja ambalo usilifanye peke yako. Kichujio chenye AgCl husafishwa kwa amonia, kwa sababu fedha inaingia kwenye ioni changamano nyingine na mashapo yanayeyuka haraka. Myeyusho huo wa fedha na amonia ukiachwa ukae au ukauke unaweza kuunda kitu kinacholipuka kwa kuguswa tu. Unapaswa kutiwa asidi mara tu ukimaliza kusafisha na kuwekwa kwenye chombo cha mabaki ya fedha, si kwenye sinki, na mtu wa maabara awe amesimama hapo nawe.